Kosa la Karatasi ya Bei: Urefu wa Nywele Katika Ritachi

Wasomaji waliopita mbele ya saluni ile ya Newala tangu minada ya korosho ianze, na wale walioiona karatasi yake ya bei ikizunguka katika simu za watu kutoka Mahuta hadi Masasi, hawana haja ya kusimuliwa yaliyomo. Walakini safu hii, ambayo kwa muda mrefu imeufuatilia ujira wa wasusi na vinyozi wa pande zetu, haiwezi kuuacha bila ya kuusema uamuzi mmoja ulioandikwa katikati ya karatasi ile, nao ni kuutoza urefu wa nywele katika ritachi kwa daraja zile zile anazotozwa mtu anayetia dawa kwa mara ya kwanza. Uamuzi huo ni makosa dhahiri, wala si makosa ya hesabu peke yake, kwani umekwisha anza kuwakata watu nywele.

Kabla ya msimu huu saluni hiyo ilikuwa na desturi ya insafu: anayeanza dawa hulipa kwa kadiri ya urefu wa nywele zake, na anayerudi kwa ritachi hulipa shilingi 10,000, ziwe nywele zake zinaishia shingoni ama zinafika mgongoni. Karatasi mpya imeifuta tofauti hiyo. Sasa yameandikwa maneno "dawa na ritachi" katika mstari mmoja, na mbele yake bei tatu: fupi 10,000, za kati 15,000, ndefu 20,000. Aliyeiandika alifikiri, bila ya shaka, kwamba nywele nyingi ni kazi nyingi, na fikra hiyo ni sahihi katika kuosha, katika kukausha kwa drayer na katika kuseti kwa rola, illa katika ritachi haina msingi wowote.

Madhali ujira hufuata kazi, na tuitazame kazi yenyewe. Dawa ya kunyoosha, iwe ile ya kopo ambayo aghalabu hutengenezwa kwa kostiki, ama ile ya boksi ambayo msusi huchanganya krimu yenye chokaa na maji ya aktiveta papo hapo, huvunja vifungo vya ndani vya unywele, na vifungo hivyo vikishavunjwa havirudi tena maisha ya unywele ule. Nywele iliyokwisha kunyooshwa imenyooka. Haidai dawa nyingine mpaka siku itakapokatwa. Kinachodai dawa ni maoteo, yaani kile kipande kipya kilichochipuka karibu na ngozi, na kwa kuwa nywele hukua kiasi cha sentimita moja na kidogo kwa mwezi, mwanamke aliyekaa miezi mitatu bila ya kurudi saluni ana maoteo ya sentimita tatu hadi nne, awe na nywele za shingoni ama za mgongoni. Msusi mwenye elimu ya kazi hiyo hugawa kichwa sehemu nne, hupaka mafuta ya mgando pembezoni mwa uso na juu ya ngozi, kisha hupaka mafuta mazito juu ya nywele za zamani ili dawa isizifikie, ndipo akaanza kupaka dawa kwenye maoteo peke yake, mstari kwa mstari, akianzia kisogoni. Kazi hii ni sawa kwa kichwa kirefu na kifupi. Kinachoibadilisha ni wingi wa nywele na ugumu wake, na hayo mawili hayakuandikwa popote katika karatasi ile.

Sasa utazame madhara ya kipimo kibaya. Mpwa wangu, mwenye nywele za kufika mabegani, kiasi cha sentimita 30, alikwenda pale kwa ritachi akijiandaa na harusi ya rafiki yake, akawekwa katika daraja la ndefu, akalipa 20,000. Msusi alipomaliza maoteo hakukoma, aliichukua dawa akaivuta kwa chanuo mpaka ncha, na mpwa wangu alipomuuliza kwa nini anazipaka nywele ambazo zina dawa tayari, alijibiwa, "Dada, wewe umelipia ndefu, nikiishia juu utasema nimekudhulumu." Kwa jibu hilo simlaumu sana yule binti, kwa kuwa hakuiandika yeye ile bei, lakini asiyeona kwamba bei ndiyo iliyouongoza mkono wake hajaielewa saluni. Mteja aliyelipishwa sentimita 30 hutaka kuona sentimita 30 zikifanyiwa kazi, na msusi aliyepokea malipo hayo huona haya kuzishughulikia nne. Hivyo fedha ya ziada ikanunua dawa kali juu ya dawa kali, katika sehemu ya nywele iliyo kongwe na dhaifu kupita zote.

Alama zake zilionekana mapema. Siku ya harusi nywele zilikuwa laini na zenye kung'aa, na kila mtu alizisifu. Hata baada ya wiki mbili, zikaanza kubaki kwenye chanuo, si kwa shina jeupe la unywele unaotoka kichwani, bali vipande vifupi visivyo na shina, ndiyo dalili kwamba unywele umekatika njiani. Anayetaka uhakika auchukue unywele mmoja ulioloa, auvute polepole baina ya vidole: wenye afya hunyumbuka kidogo ukarudi, na uliozidiwa na dawa hurefuka kama uzi wa mpira uliochoka, haurudi, kisha hukatika. Wa mpwa wangu ulikatika. Amepunguza nywele zake mpaka shingoni, na kwa mujibu wa karatasi ile safari ijayo atalipa kidogo, baada ya kwanza kulipa nyingi ili azikose.

Itasemwa kwamba saluni ina gharama ya dawa, nami naikubali hoja hiyo pale inapostahiki. Dawa ya boksi ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho, hivyo mteja wa boksi abebe boksi zima, awe amelitumia lote ama nusu, na bei yake iandikwe peke yake ili ajue anachonunua. Hapo urefu hauna kauli tena. Dawa ya kopo kubwa huchotwa kwa kadiri, na kwa ritachi kadiri hiyo ni ya maoteo. Katika njia zote mbili hakuna mahali ambapo mabega ya mteja yanaweza kuingia katika hesabu ya dawa, na shilingi 10,000 zilizoongezwa kwa mpwa wangu hazikulipia chochote ila madhara.

Karatasi ile ina dhambi ya pili, na wasomaji wa zamani wanajua kwamba hii ni ghadhabu yangu ya siku nyingi: shilingi 1,000 kwa kila ndoo ya maji. Sikatai kwamba maji ya Newala ni mali. Uwanda wetu wa juu ni mchanga unaoyanywa maji ya mvua yote yasibaki mto wala chemchemi, na maji ya bomba hupandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema huko bondeni, hivyo yakikatika mtu hununua kwa madumu. Ghairi ya hayo, kuyatoza maji kwa ndoo, baada ya dawa kupakwa, ni kumwambia mteja mwenye alkali kichwani achague baina ya ngozi yake na mfuko wake. Shampuu ya kuondolea dawa, nyingi katika hizo, hutoa povu lenye rangi ya waridi maadamu dawa ingali nywelini, na msusi hapaswi kukoma mpaka povu litoke jeupe. Pengine ni ndoo mbili, pengine ni tatu. Mpwa wangu alisema basi kwenye ndoo ya pili, kwa sababu ya fedha iliyobaki mkobani, na kisogo kikamwasha siku tatu. Saluni za Masasi, zinazopata maji ya Mbwinji, huyaweka maji ndani ya bei ya dawa. Newala wayaweke vivyo hivyo, japo bei ipande kwa shilingi 2,000 au 3,000, maadamu mteja ameisoma kabla ya kukaa kitini.

Nakumbuka, kila nikiitazama karatasi hiyo, wasusi wa zamani wa mitaa ya Mkomaindo, ambao hawakuwa na kioo wala drayer, walikaa juu ya mkeka barazani na kitana cha mti, na bei yao ilifuata mtindo: twende kilioni ilikuwa na ujira wake, vitunguu vilikuwa na wake, na mistari myembamba ilikuwa na bei kubwa kuliko minene, kwa kuwa msusi aliihesabu mistari kabla ya kuanza. Hakuna kati yao aliyewahi kumtoza mtu nywele alizozaliwa nazo. Walijua kwamba kichwa chenye nywele ndefu katika mistari ya mkono huwa chepesi kushika, na kwamba kile cha nywele fupi, kinachoteleza vidoleni, ndicho kinachochosha. Siku zile za kalikiti, dawa hizi zilipoanza kuenea katika miji yetu, walikuwapo kati yao waliokataa kuzigusa nywele zilizokwisha tiwa dawa, wakimwambia mteja arudi maoteo yakifika upana wa vidole viwili. Sijaona bado saluni yenye vioo inayomrudisha mtu nyumbani namna hiyo.

Kuhusu rasta, karatasi imepatia: pakti anunue mteja, na ujira upande kwa wembamba wa misuko na kwa urefu wa rasta inayosukwa, kwa sababu hapo msusi husuka mpaka ncha kweli. Vinyozi wa sokoni Masasi nao hawana lawama msimu huu, kwani bei ni ya kichwa, ama kichwa na ndevu, na mwenye nywele zilizosahauliwa miezi minne halipi zaidi ya aliyenyoa wiki iliyopita, ingawa mashine hukwama na kinyozi hulazimika kutangulia na mkasi. Ninachowadai ni kuuandika wembe mpya ndani ya bei, kwani kinyozi wa zamani, yule wa chini ya mwembe, aliufungua mbele ya macho ya mteja bila ya kuombwa, nao hawa huuliza kwanza kama mtu ana shilingi mia mbili zaidi.

Mwenye saluni ya Newala hana haja ya kuchapisha karatasi nyingine. Achukue kalamu, aukate mstari wa katikati vipande viwili, dawa ya kuanza abaki nayo katika daraja tatu, ritachi airudishe kwenye bei moja ya vichwa vyote, akiongeza bei ya wingi wa nywele kwa yule ambaye maoteo yake yanadai saa mbili za kugawa na kupaka. Kisha amwite yule binti, amwonyeshe dawa inakoishia.