Sababu Bila Hitimisho: Kuisoma Ilani ya Riot Grrrl

Ilani ya Riot Grrrl, iliyotoka mwaka 1991 katika toleo la pili la kijarida cha Bikini Kill, ina kasoro ambayo mwalimu wa sarufi angeizungushia wino mwekundu tangu mstari wa kwanza. Kila aya inaanza na "kwa sababu", na hakuna aya inayofika kwenye kishazi huru. Tunapewa sababu, kisha sababu nyingine, kisha nyingine tena, na andiko linakwisha bila kutuambia sababu hizo zote ni za jambo gani. Takriri ya namna hii tumeizoea katika hotuba na mashairi, ambako mwishowe mzungumzaji huufungua mkono na kutoa alichokuwa amekishika. Hapa mkono haufunguliwi.

Aliyeiandika ni Kathleen Hanna, mwimbaji wa bendi ya Bikini Kill kutoka Olympia, mji mdogo wa jimbo la Washington, Marekani. Hakuwa peke yake. Tobi Vail, mpiga ngoma wa bendi hiyo, tayari alikuwa na kijarida chake, Jigsaw. Allison Wolfe na Molly Neuman wa bendi ya Bratmobile walikuwa na Girl Germs. Kiangazi cha 1991 walikutana katika jiji la Washington, upande wa pili wa nchi, muda mfupi baada ya ghasia za mwezi Mei katika mtaa wa Mount Pleasant, wakatoa kijarida kidogo kilichoitwa Riot Grrrl. Jina likaganda. Walikotoka ni kwenye muziki wa panki, uliojinadi kuwa ni wa waasi, lakini katika maonyesho yake wavulana walijazana mbele ya jukwaa wakirukiana na kupigana vikumbo, na wasichana wakasukumwa nyuma kushika makoti ya wenzao.

Tukilijua hilo, tunaanza kuelewa kazi ya vile vishazi tegemezi. Ilani za kisiasa kwa kawaida hudai: tunataka hiki, tunakataa kile. Anayedai huwa anamgeukia mtu mwenye uwezo wa kutoa. Ilani ya Hanna haiigeukii serikali, wala kampuni za kurekodi muziki, wala hata wavulana wa panki. Inawageukia wasichana wanaosoma, na kwao inaacha nafasi wazi ambayo sarufi yenyewe inawalazimisha waijaze. Kwa sababu hii na hii na hii, wewe ufanye nini? Anzisha bendi, andika kijarida, itisha mkutano chumbani kwako. Kishazi huru kinatakiwa kitendwe nje ya ukurasa. Kwa maoni yangu hapo ndipo siasa ya kujifanyia mwenyewe, ambayo wengi huieleza kama suala la ukosefu wa fedha, inapoonekana kuwa kwanza ni suala la sentensi.

Tazama pia alama. Katika aya moja matusi ambayo jamii huwabandika wasichana yameandikwa kwa alama ya sawasawa, kama hesabu ya darasani. Tusi likivikwa hesabu hivyo, upuuzi wake unajitokeza bila mwandishi kuhitaji kubishana nalo. Kwingine maneno yameunganishwa kwa mikwaju, na karibu na mwisho moyo, akili na mwili vimeandikwa kama neno moja lisilo na mwanya. Hapo hapo, katika aya ya mwisho, nafsi inabadilika. Sehemu kubwa ya ilani imesemwa kwa "sisi". Inamalizika kwa "mimi" anayeamini. Mtu angetarajia mwendo wa kinyume, mmoja ajitokeze kwanza kisha kundi limfuate. Hanna anamaliza na mtu mmoja kwa kuwa msomaji naye, popote alipo, yuko peke yake na karatasi.

Na karatasi hiyo ina sheria zake. Karatasi ya kawaida ya Marekani ina inchi 8.5 kwa 11. Ukiikunja katikati unapata kurasa 4. Kwa hiyo kijarida kilichokunjwa na kupigwa stepla kina kurasa 8, 12, 16 na kuendelea, kamwe si 13. Anayekitengeneza hapangi kurasa kwa kufuatana. Katika kijarida cha kurasa 16, karatasi ya nje upande mmoja inabeba ukurasa wa 16 na wa 1, na mgongoni mwake wa 2 na wa 15. Ukikosea, habari inakatika katikati na sehemu ya pili inatokea mahali pasipoeleweka. Ukibakiwa na ukurasa mtupu, lazima uujaze: mchoro, anwani za vijarida vingine, barua ya msomaji. Mashine ya fotokopi nayo ina tabia yake. Rangi ya kijivu inaipotosha, picha inagawanyika kuwa nyeusi na nyeupe, na kingo za kipande kilichobandikwa kwa gundi huacha kivuli chembamba. Mtu angeweza kuzifuta kingo hizo kwa wino mweupe. Katika vijarida hivi mara nyingi ziliachwa. Mwandiko wa mkono umekaa jirani na taipureta, tangazo lililokatwa kwenye gazeti la urembo liko juu ya simulizi la kubakwa, na msomaji anaona kabisa mahali mkasi ulipopita. Akishaona jinsi kitu kilivyotengenezwa, hana tena kisingizio cha kusema hawezi.

Lakini ile "sisi" ina tatizo ambalo umbo la ilani linalifichua. Kuna aya inayotaja ubaguzi wa rangi, wa matabaka, wa umri, wa ulemavu na aina nyingine kadhaa. Ni orodha tu. Mahali pengine ilani inazungumza kwa hasira na hamu za watu wanaotenda. Hapa ubaguzi wa rangi unapata mkato mmoja kama jirani zake, hauna mtu aliyefanyiwa wala aliyeufanya. Mwandishi alikuwa na nia njema, hilo sina shaka nalo. Orodha, hata hivyo, ndiyo njia rahisi ya kulitaja jambo bila kukaa nalo.

Waliokaa nalo waliandika vijarida vyao. Ramdasha Bikceem, kijana Mmarekani mweusi wa New Jersey, alikuwa na Gunk, na baada ya mkutano wa Riot Grrrl uliofanyika jijini Washington kiangazi cha 1992 aliandika waziwazi jinsi ulivyojaa wazungu. Katika Gunk "mimi" hayuko mwishoni kama hitimisho la kundi. Ndiye anayelitazama kundi akiwa ndani yake na kulihoji. Kwa kuwa hapakuwa na mhariri wa kumwomba ruhusa, ukosoaji huo ulisafiri kwa posta na mkononi, kwa njia ile ile iliyokuwa imeisambaza ilani.

Ndiyo maana naona ni kosa kuisoma ilani peke yake, kama inavyonukuliwa siku hizi, ikiwa imechapwa upya kwa herufi safi na kutengwa na kurasa zilizoizunguka. Maktaba ya Fales ya Chuo Kikuu cha New York ina mkusanyo wa karatasi za Riot Grrrl, zikiwemo za Hanna mwenyewe, na kitabu kilichotokana nao mwaka 2013 kinaonyesha picha za kurasa zenyewe, na vivuli vya gundi. Anayetaka kupima ilani asome na vijarida vilivyoijibu. Asiishie 1992: mwaka 1997 Mimi Thi Nguyen alikusanya maandishi ya watu wa panki wasio wazungu na kuyatoa kwa jina la Evolution of a Race Riot. Nacho kilikuwa kijarida.