Kipimo cha -ka-: insha ya Kifaransa kutoka Nyegezi

Insha iliyo mbele yangu imeandikwa na binti anayekaa Nyegezi, anayejiandaa kwa mtihani wa DELF, kiwango B1. Katika sehemu ya kuandika, mtihani huo humpa mtahiniwa dakika 45 na kumtaka aandike maneno yasiyopungua 160. Sehemu hiyo ina alama 25, na akipata chini ya 5 amefeli mtihani wote hata kama amefanya vizuri kwingineko. Mara nyingi huombwa asimulie jambo lililompata na aeleze alivyojisikia. Binti huyu alichagua safari ya utotoni, alipokwenda Sengerema na bibi yake kwa kivuko cha Kigongo–Busisi, miaka mingi kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa pale Juni 2025. Hiki ndicho kipande chenye kiini cha kisa:

«Ce matin-là, il a plu. J'ai été à la gare routière de Nyegezi avec ma grand-mère. Elle avait porté un kitenge bleu. J'ai eu faim. Puis nous montons dans le bus et le bus part. Quand nous sommes arrivées à Kigongo, le bac est parti. Nous attendions deux heures. Sur le bac, ma grand-mère m'a raconté que son père a traversé le golfe en pirogue.»

Kina vitenzi 11, na ni viwili tu vilivyo katika wakati unaofaa: «sommes arrivées» na «a raconté». Hata hivyo binti huyu hana shida ya kunyambua. Kila umbo aliloandika lipo katika Kifaransa na limeandikwa sawasawa. Hata «arrivées» amekumbuka kuongeza -es, kwa kuwa wasafiri walikuwa wanawake wawili. Makosa yake yametoka mahali pengine: alifikiri kwa Kiswahili, jambo ambalo si baya, kisha akahamisha viambishi vyake moja kwa moja. Nataka kuonyesha kwamba Kiswahili hichohicho kilichompoteza kina kipimo cha kumrudisha njiani.

Tuanze na -li-. Kiswahili kinasema «mvua ilinyesha» na «nilikuwa stendi» kwa kiambishi kilekile. Kifaransa kinagawa kazi hiyo mara mbili. Passé composé hubeba tukio, yaani jambo linalosogeza kisa mbele. Imparfait hubeba hali, yaani mambo yaliyokuwapo wakati tukio linatokea. Kwa kuwa -li- inafaa kote kuwili, msemaji wa Kiswahili huiona kuwa ni passé composé siku zote, na ndiyo maana binti akaandika «il a plu», «j'ai été», «j'ai eu faim».

Kipimo chenyewe kimo katika namna tunavyosimulia. Mswahili akianza kisa kwa -li- moja, matukio yanayofuata huyapa -ka-: tulifika, tukapanda, tukaketi, likaondoka. Kiambishi hiki hukubali matukio yanayofuatana na hukataa mandhari. Basi kabla ya kuandika kitenzi chochote cha Kifaransa, jiulize: hapa ningeweza kusema -ka- bila kuharibu kisa? Ukiweza, andika passé composé. Usipoweza, karibu kila mara ni imparfait.

Tujaribu. «Asubuhi ile mvua ikanyesha»: hapana, mvua ilikuwa tayari inanyesha walipofika stendi. Kwa hiyo ni «il pleuvait». «Nikawa stendi na bibi»: hapana, hapo ndipo kisa kinapowakuta. Ni «j'étais». «Nikasikia njaa» inawezekana, lakini maana yake ni kwamba njaa ilimshika ghafla wakati huo. Ndivyo Mfaransa atakavyolielewa «j'ai eu faim». Nilipomuuliza, binti alijibu kwamba alikuwa na njaa tangu kuamka. Basi ni «j'avais faim». Tofauti hiyohiyo ipo kwenye kujua: «nilijua» kwa maana ya kuwa na habari tangu awali ni «je savais», na «nikajua» kwa maana ya kupata habari wakati ule ni «j'ai su».

Kipimo hiki kinatibu pia kosa la kinyume chake. Aliandika «nous montons», «le bus part», kwa wakati uliopo, kwa sababu kichwani alikuwa na «tukapanda, basi likaondoka». Kiambishi -ka- chenyewe hakisemi ni lini. Hutegemea -li- iliyotangulia, na sisi tumezoea kutaja wakati mara moja tu mwanzoni mwa kisa. Kifaransa kinadai wakati utajwe kwenye kila kitenzi. Kwa hiyo ni «nous sommes montées dans le bus et le bus est parti», na kila -ka- inayofuata hupata passé composé yake kamili, pamoja na kitenzi kisaidizi.

Halafu kuna «nous attendions deux heures». Hili limetokana na kanuni inayopatikana katika madaftari mengi, kwamba tendo refu huchukua imparfait na tendo fupi huchukua passé composé. Kanuni hiyo si ya kweli. Urefu wa tendo hauamui chochote. Kinachoamua ni kama tendo limefungwa. Ukitaja lilidumu kwa muda gani, saa mbili au miaka ishirini, umelifunga, nalo limekuwa tukio zima. Kipimo chetu kinaliona hilo mara moja: «tukasubiri saa mbili» ni Kiswahili safi, basi ni «nous avons attendu deux heures». Kungoja kungekuwa imparfait kama jambo jingine lingeingia katikati yake: «nous attendions depuis deux heures quand le bac est arrivé», yaani tulikuwa tunasubiri kwa saa mbili, kivuko kikafika.

Kipimo kina mpaka wake, nao ni mazoea. Tunaweza kusema: «Kila Desemba tulipanda basi Nyegezi, tukavuka Kigongo, tukafika Sengerema jioni.» Hapo -ka- imeingia vizuri, lakini Kifaransa kitataka imparfait mfululizo, «nous prenions, nous traversions, nous arrivions», kwa kuwa si safari moja bali ni desturi. Kwa hiyo kabla ya swali la -ka- tanguliza jingine: ilitokea mara moja au ilikuwa kawaida yetu? Kama Kiswahili chako kinaweza kugeuka kuwa «tulikuwa tukipanda, tukivuka», ni desturi. Ila ukihesabu mara, kwa mfano «tulivuka mara tatu», umefunga tena, na passé composé inarudi.

Sasa twende kwa kitenge cha bibi, ambacho kwangu ndicho kosa lenye mafunzo zaidi. «Alikuwa amevaa» limekuwa «elle avait porté», na mwanafunzi ana sababu nzuri ya kudhani amepatia, kwa kuwa amefundishwa kwamba «alikuwa ame-» ni plus-que-parfait, wakati wa jambo lililotangulia jambo jingine. Lakini -me- yetu ina kazi mbili. Mara huonyesha tendo lililokwisha, mara huonyesha hali iliyobaki baada ya tendo, hali inayoonekana kwa macho. Amevaa, amesimama, amelala, amechoka: hatusimulii kuvaa wala kusimama, tunamweleza mtu alivyo. Kifaransa kwa hali hizo kina njia zake: «elle portait», «elle était debout», «elle dormait», «elle était fatiguée», zote imparfait. Msomaji Mfaransa akiona «elle avait porté un kitenge bleu» ataelewa kwamba bibi aliwahi kuvaa kitenge kile siku za nyuma, na kwamba stendi pengine alivaa kingine.

Kuzitenganisha kazi hizo mbili, badilisha -me- iwe -mesha-. «Bibi alikuwa ameshavaa kitenge» inapindisha maana; inaleta habari ya kumaliza kuvaa, ambayo haikukusudiwa. Basi ni hali, ni «portait». Sasa jaribu kivuko. Binti alikusudia kusema kwamba walipofika Kigongo kivuko kilikuwa kimeondoka. «Kilikuwa kimeshaondoka» haibadilishi kitu, tena ndivyo mtu angelisema kwa kawaida. Basi ni tendo lililotangulia, ni «le bac était déjà parti».

Yeye aliandika «quand nous sommes arrivées, le bac est parti». Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi, na hapo ndipo hatari ilipo. Inasimulia kisa kingine: tulipofika, kivuko kikaondoka, mbele ya macho yetu. Msahihishaji hatajua kwamba mtahiniwa alitaka kusema vingine, ila ataona mfuatano wa matukio unayumba na atapunguza alama bila kalamu yake kuonyesha ni wapi hasa. Ukisoma kazi yako, usiishie kuuliza kama umbo ni sahihi. Rudisha kila sentensi kwenye Kiswahili na uulize kama ndicho kilichotokea.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo gumu kuligundua kwa sababu Kiswahili hakitoi dalili yoyote. «Bibi alinisimulia kuwa baba yake alivuka ghuba kwa mtumbwi.» Zote mbili ni -li-, ingawa kusimulia kulitokea juu ya kivuko na kuvuka kulitokea miaka mingi nyuma. Sisi tunamwachia msikilizaji apange mwenyewe. Kifaransa kinapanga kwa kitenzi: jambo lililotangulia masimulizi hurudi nyuma hatua moja, «son père avait traversé». Dalili ya kuitafuta ni kitenzi cha kusema kilicho katika wakati uliopita, kama «a raconté», «a dit» au «a expliqué», kikifuatwa na «que». Ukiikuta, uliza kama habari inayofuata ilitokea kabla ya kusemwa, na jaribu -mesha- au «aliwahi»: baba yake aliwahi kuvuka. Inaingia.

Nilimwomba atenge dakika nane za mwisho kati ya zile 45 kwa kazi hii tu, apite kitenzi baada ya kitenzi na kuandika pembeni kwa penseli alama moja kati ya nne: D kwa desturi, K kwa kila kinachokubali -ka-, H kwa hali, S kwa kinachokubali -mesha-. D na H huenda imparfait, K huenda passé composé, S huenda plus-que-parfait. Kipande chake kilirudi hivi:

«Ce matin-là, il pleuvait. J'étais à la gare routière de Nyegezi avec ma grand-mère. Elle portait un kitenge bleu. J'avais faim. Puis nous sommes montées dans le bus et le bus est parti. Quand nous sommes arrivées à Kigongo, le bac était déjà parti. Nous avons attendu deux heures. Sur le bac, ma grand-mère m'a raconté que son père avait traversé le golfe en pirogue.»

Hakuongeza hata jambo moja kwenye kisa. Lakini sasa mvua inanyesha kabla hawajafika stendi, kitenge kiko mwilini mwa bibi, kivuko hakionekani gatini, na babu wa zamani anapiga kasia nyuma kabisa, mahali pake.