Tangazo Halikuonekana: Bajeti Imekwisha au Cheo Kimepungua?

Chukua mfano wa kampeni inayouza safari za kupanda Mlima Kilimanjaro kwa watu wanaotafuta kwenye Google. Bajeti yake ni shilingi 60,000 kwa siku. Katika jedwali la kampeni, safu ya `Search impr. share` inasoma asilimia 40, `Search lost IS (budget)` asilimia 45, na `Search lost IS (rank)` asilimia 15. Jumla ni 100, na kwa kuwa hasara kubwa iko upande wa bajeti, mameneja wengi hukimbilia kuongeza fedha. Hesabu hizo hazisemi hivyo.

Mgao wa maonyesho hupatikana kwa kugawa idadi ya mara tangazo lilipoonekana kwa idadi ya mara ambazo lilistahili kuonekana. Idadi hiyo ya pili Google huikadiria kwa kuangalia mipangilio ya kampeni, idhini ya matangazo na ubora wake, kwa hiyo si hesabu ya kila aliyetafuta neno fulani. Tuseme kwa siku moja nafasi za kustahili zilikuwa 2,000. Tangazo lilionekana mara 800, likakosa mara 900 kwa sababu ya bajeti na mara 300 kwa sababu ya cheo.

Cheo cha tangazo hupangwa upya katika kila mnada. Dau ni sehemu yake, lakini ubora wa tangazo, ukurasa anaofikia mteja, ushindani wa wakati huo na mazingira ya utafutaji navyo vinahesabiwa. Bajeti inafanya kazi kwa namna nyingine: inapokuwa ndogo kuliko mahitaji, Google huisambaza kwa siku nzima, na tangazo hupitwa na minada ambayo pengine lingeshinda.

Sasa turudi kwenye fedha. Maonyesho 800 yalileta mibofyo 40, yaani asilimia 5, na kila mbofyo uligharimu shilingi 1,500. Bajeti yote ikaisha. Kampeni hii inanunua kila mbofyo kwa bei ya juu, halafu inakosa fedha za kununua mingine. Dau kubwa ndilo linalomaliza bajeti kwa mibofyo michache.

Hatua ya kwanza, basi, ni kushusha dau huku bajeti ikibaki ileile. Tuseme gharama ya mbofyo inashuka hadi shilingi 1,200. Tangazo linakaa chini kidogo kwenye ukurasa, na wanaobofya wanapungua hadi asilimia 4 ya wanaoliona. Shilingi 60,000 zinanunua mibofyo 50, na mibofyo hiyo inatokana na maonyesho 1,250. Mgao umepanda hadi asilimia 62.5. Kilichopotea kwa cheo kimeongezeka maradufu hadi asilimia 30, na kilichopotea kwa bajeti kimebaki asilimia 7.5.

Anayesoma safu ya cheo peke yake angesema kampeni imeharibika. Ukweli ni kwamba imepata mibofyo kumi zaidi kwa fedha zilezile. Safu hizi mbili hupokezana hasara, na ndiyo maana ni kosa kusoma moja bila nyingine. Kinyume chake pia hutokea: ukipandisha dau ili kuponya cheo katika kampeni ambayo bajeti yake tayari imebanwa, hasara huhamia upande wa bajeti na kila mbofyo huwa ghali zaidi.

Njia hii ina mpaka. Ikiwa mibofyo ya ziada haileti maulizo wala malipo, dau limeshushwa kupita kiasi au limepeleka tangazo mahali pabaya, na hilo huonekana kwenye safu ya matokeo. Palipo na zabuni za kiotomatiki, kinachobadilishwa ni lengo, kama lile la gharama kwa kila mteja, si dau lenyewe.

Pia kuna mtego ambao jedwali halionyeshi. Hasara ya bajeti haitolewi kwa kila neno la utafutaji. Huishia ngazi ya kampeni. Neno pana linaloleta watu wanaotafuta picha za mlima tu linaweza kula nusu ya fedha huku neno lenye wateja halisi likinyimwa. Dawa iko kwenye ripoti ya maneno yaliyotafutwa: yasiyouza yazuiwe kwanza, ndipo bajeti iguswe. Hata nafasi za kustahili zitapungua baada ya hapo, na mgao utapanda bila kuongeza senti.

Baada ya kusafisha maneno na kurekebisha dau, kama hasara ya bajeti bado ni kubwa na kila mteja analipa zaidi ya alivyogharimu, hapo kuongeza fedha kuna hesabu nyuma yake. Kama kilichobaki ni hasara ya cheo, kazi inahamia kwenye maandishi ya tangazo na ukurasa unaofunguka polepole kwenye simu.