Karani wa Kahawa na Bei Mbili za London

Kahawa ya Kibeta, Bukoba, kama ile ya Muleba, kwa sehemu kubwa ni robusta, na bei yake duniani husomwa kwenye soko la ICE la London kwa dola kwa tani. Wengi hufungua simu, wakaona namba moja, wakaridhika. Karani makini hutafuta namba ya pili kutoka chanzo kingine, na jinsi anavyozilinganisha ni ufundi ninaoustahi sana.

Kwanza hutazama mwezi wa mkataba. Robusta huuzwa kwa mikataba ya Januari, Machi, Mei, Julai, Septemba na Novemba, kila mmoja na bei yake. Chanzo kimoja kikionyesha Septemba na kingine Novemba, hakuna kilichokosea. Ni bidhaa mbili tofauti.

Kisha hutazama saa. London hufungua soko hilo saa 3 asubuhi kwao, yaani saa 6 mchana kwetu, au saa 5 asubuhi Waingereza wanaposogeza saa zao mbele. Kwa hiyo bei inayosomwa Bukoba saa 3 asubuhi ni ya jana, hata kama simu imeifungua sasa hivi.

Tuseme ni saa 8 mchana. Chanzo cha kwanza kinasema 3,420, cha pili 3,385. Tofauti ya dola 35 kwa tani ni dola 350 kwa shehena ya tani 10. Karani hatafuti wastani, kwa sababu wastani wa bei sahihi na bei mbovu ni bei ambayo haikuwahi kuwepo sokoni. Anaandika zote mbili pamoja na saa, anasubiri. Saa 8 na robo, cha kwanza kimefika 3,428 na cha pili 3,420. Saa 8 na nusu, cha pili nacho kinasoma 3,428. Sasa anajua: cha pili hakidanganyi, kinachelewa robo saa, kama zilivyo bei nyingi zinazotolewa bure. Kama cha kwanza kingebaki 3,420 muda wote huo huku cha pili kikipanda na kushuka, basi cha kwanza ndicho kingekuwa kimekwama.

Ufundi huu una mpaka wake. Programu mbili za simu zinaweza kuchota kwa msambazaji mmoja wa takwimu. Zikikubaliana, ni mashahidi wawili waliosimuliwa na mtu mmoja. Hapo hakimu ni bei ya kufungia siku inayotangazwa na soko lenyewe.

Namba zikiendelea kugongana na hakimu hajasema, karani mwaminifu huandika "haijathibitishwa" kwenye daftari, wala hamtajii mkulima bei yoyote. Nawe msomaji, ukitajiwa bei ya London, uliza mambo mawili: ni ya mwezi gani, na ni ya saa ngapi.