Ujumbe Ulioanza Mezani

Wenye migahawa midogo wameshazoea ujumbe wa wapiga video. Unaanza na "Habari, sisi ni wabunifu wa kisasa, tunatoa huduma bora kwa bei nafuu", kisha linafuata faili la bei ambalo hakuna anayelifungua, halafu namba ya simu. Ukiutuma saluni au gereji, hakuna neno la kubadilisha. Ndiyo maana nimekaa muda mrefu na ujumbe mmoja wa WhatsApp alioupokea mama mwenye mgahawa Sinza, Dar es Salaam, kutoka kwa kijana anayejitegemea kwa kazi hiyo. Mama aliniruhusu kuunakili. Juu yake kulikuwa na video ya sekunde 12, kisha maneno haya:

"Shikamoo mama. Mimi ni yule kijana aliyekaa karibu na mlango wa nyuma juzi mchana, nikala changu wa kupaka. Nilimwomba ruhusa dada anayehudumia, nikarekodi wakati tui linamwagwa. Hiyo hapo juu ni yako, iweke status hata tusipofanya kazi pamoja.

Natengeneza video fupi za migahawa. Ningependa kukutengenezea 4 kwa mwezi, moja kila wiki. Nakuja siku moja tu, saa 4 hadi saa 6, kabla wateja hawajajaa. Kila video ni chakula kimoja, na juu yake naandika bei, saa za kukipata na mahali ulipo.

Ni 200,000 kwa mwezi, nusu siku ya kurekodi, nusu ukipokea ya mwisho. Kama sahani moja inakubakizia 2,500, hizo ni sahani 80, yaani tatu hivi kwa siku. Wateja siwezi kukuahidi mama. Naahidi kila Jumatatu saa 3 asubuhi una video ya wiki hiyo. Tujaribu mwezi mmoja. Ukiona inafaa, niambie tuanze na chakula gani."

Ulifika saa kumi alasiri. Asubuhi mama yuko sokoni, saa saba yuko kwenye sufuria, na ujumbe unaomkuta hapo husomwa nusu, ukazikwa na nyingine. Saa kumi vyombo vimeoshwa, amekaa, simu iko mkononi. Saa hiyo huwezi kuijua bila kuufahamu mgahawa.

Sentensi ya kwanza baada ya shikamoo inaonyesha kwamba anaufahamu. Kijana hakujitaja kwa kampuni wala kwa kamera yake. Alijitaja kwa kiti alichokalia na chakula alichokula, vitu ambavyo mama anaweza kuvihakikisha kwa kumuuliza mhudumu wake. Tena alikuwa mteja aliyelipa kabla hajawa mtu anayeomba kazi, na mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpuuza.

Kiti chenyewe hakukichagua ovyo. Ukimrekodi samaki wa moto huku mwanga ukimpiga kwa mbele, mvuke haumo kwenye picha. Mwanga ukitokea nyuma ya sahani, na nyuma ya mvuke pakiwa na kiza kidogo, mvuke unasimama wote na tui linang'aa linapoteremka. Kwenye ukumbi ule mwanga wa namna hiyo uko mlango wa nyuma tu. Kwingine ni taa za darini, na taa za bei nafuu kwenye umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera isiyowekwa sawa inaona, na video inatoka na mistari ya kiza inayopanda na kushuka. Mpiga video anayejua hufungua kila picha kwa sehemu ya 50 au ya 100 ya sekunde ili mistari ipotee, au anazima taa na kusogea mlangoni. Yote haya kijana aliyajua, na hakuyaandika hata moja. Mama hanunui kasi ya kamera. Alichotakiwa kuona ni mvuke wa samaki wake, na ulikuwa kwenye sekunde 12.

Video ile pia haikuwa na wimbo. Ilikuwa na sauti ya tui likimwagwa juu ya samaki. Mwanzoni nilidhani ameharakisha, hadi nilipofikiria itakakokwenda. TikTok huzipa akaunti za biashara maktaba ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo, na wimbo unaotamba mtaani mara nyingi haumo. Ukiutia kwa nguvu, video inaweza kuzimwa sauti siku uliyoitegemea. Sauti ya jiko lake mwenyewe haina wa kuidai.

Tuje kwenye hesabu, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Laki mbili ikisimama peke yake ni pesa nyingi. Mama anailinganisha na gunia la mkaa na mshahara wa mhudumu, na video inashindwa papo hapo. Kijana aliigeuza kuwa sahani, kipimo ambacho mama anakitumia kila siku. Tazama pia lile neno "kama". Hajui sahani inambakizia mama kiasi gani, wala hajifanyi anajua. Ameweka 2,500, na mama ataweka yake. Ikiwa ni 2,000, sahani zinakuwa 100, karibu nne kwa siku kwa mgahawa unaofunguliwa siku 26. Ikiwa ni 1,000, zinakuwa 200, na huenda mama akaona biashara hiyo haimfai. Hesabu inayomruhusu mnunuzi kukataa ndiyo anayoiamini.

Mara baada ya hesabu anasema hawezi kuahidi wateja. Angeweza kunyamaza, namba zikajisemea. Lakini video inaweza kutazamwa na watu wa Mwanza wasioweza kufika Sinza kwa chakula cha mchana, na mvua inaweza kuharibu wiki nzima. Anachokimudu ni kufika, kurekodi na kukabidhi. Kwa hiyo ahadi yake ina siku na saa, na Jumatatu ya kwanza tu mama atajua kama ni mtu wa kauli yake.

Mama alijibu: "Marahaba mwanangu. 200 nyingi, fanya 120." Hapa wengi huteleza. Wanakubali 120 kwa video zilezile 4, halafu wanafidia kwa kuharakisha: wanarekodi vyakula viwili, wanavikatakata kuwa video nne, na wiki ya tatu mteja anaona samaki yuleyule. Kijana aliandika: "Sawa mama. Kwa 120,000 nakufanyia 2, changu na pilau ya Ijumaa. Siku ya kuja ni moja vilevile."

Ukigawanya, video moja imepanda kutoka 50,000 hadi 60,000, na ni haki. Nauli, asubuhi nzima jikoni na kupanga vifaa havipungui nusu kwa sababu video zimepungua nusu. Kinachopungua ni muda wa kuhariri tu. Alipunguza kazi, thamani ya kazi akaiacha ilivyo, na yote aliyasema kwa heshima bila kumfanya mama ajione amekataliwa.

Mama alichukua 2. Mwezi uliofuata alipotaka 4, hapakuwa na mabishano mapya, kwa sababu bei ya 4 haikuwahi kuteremshwa.