Kelele Isiyo Kelele: Uhakiki wa Istilahi Moja katika Somo la Ukusanyaji Data

Makala haya yanahoji matumizi ya neno "kelele" kwa makosa mawili tofauti yanayotokea pale kigeuzi kinapobadili volti kuwa namba: kosa la kukadiria ngazi na kosa la masafa bandia. Hoja yake ni kwamba jina hilo moja humwelekeza mwanafunzi kwenye tiba isiyofaa.

Chukuliwe mfano wa kihisi kinachopima mtikisiko wa daraja la waenda kwa miguu. Kigeuzi chake kina biti 12 na hupokea volti 0 hadi 5. Biti hizo hutoa ngazi 4096, hivyo kila ngazi ni takribani milivolti 1.22. Kwa kuwa kila kipimo husogezwa kwenye ngazi iliyo karibu, kosa la kukadiria halizidi nusu ya ngazi, yaani takribani milivolti 0.61. Mawimbi yanapovuka ngazi nyingi, kosa hili hubadilikabadilika, na hapo jina "kelele" lina mantiki. Kuongeza biti hulipunguza.

Masafa bandia ni jambo jingine. Tuseme waya wa kihisi umepita karibu na nyaya za umeme wa Hezi 50, na kigeuzi kinachukua sampuli 48 kwa sekunde. Kasi hiyo huwakilisha kwa uaminifu masafa yaliyo chini ya Hezi 24 tu. Umeme ule hautaonekana kama Hezi 50. Utajitokeza kama wimbi safi la Hezi 2, ambayo ndiyo tofauti ya 50 na 48. Daraja la aina hiyo laweza kabisa kutikisika kwa Hezi 2. Mhandisi atakayeisoma grafu atadhani ameona udhaifu wa daraja.

Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa hiyo ni kelele atanunua kigeuzi cha biti 16, nacho kitachora wimbi lilelile la uongo kwa unadhifu zaidi. Akitafuta wastani wa sampuli hadi wimbi lifutike, atafuta pia mtikisiko wa kweli wa Hezi 2. Baada ya sampuli kuchukuliwa, namba zenyewe haziwezi kutenganisha mawili hayo. Tiba ni kichujio cha umeme kilichowekwa kabla ya kigeuzi, kinachozuia masafa ya juu.

Kosa hili hugunduliwa kwa kubadili kasi. Zikichukuliwa sampuli 45 kwa sekunde, wimbi la uongo huhamia Hezi 5, ilhali mtikisiko wa kweli hubaki Hezi 2.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mitaala itenganishe "kosa la kukadiria ngazi", linalotibiwa kwa biti, na "masafa bandia", yanayozuiwa kwa kichujio na kasi ya kutosha. "Kelele" ibaki kwa vurugu zisizo na mpangilio.