Kianzio cha sofa kinatoka wapi

Karakana nyingi za samani hudai kianzio cha nusu bei kwa mazoea tu. Kwa mteja anayelipa kidogo kidogo huku sofa ikibaki kwa fundi, kianzio kinapaswa kutokana na swali moja: akiishia njiani, fundi atapoteza kiasi gani?

Tuchukue seti ya sofa inayouzwa Keko, Dar es Salaam, kwa shilingi 1,200,000. Mbao, sponji na kitambaa ni 500,000, ufundi 200,000. Mteja amechagua kitambaa cha zambarau. Akikimbia baada ya kushonwa, mnunuzi wa pili hatatoa bei ileile kwa rangi ambayo hakuichagua. Tuseme atatoa 1,000,000. Kwenye pengo hilo ongeza 40,000 za dalali na nafasi iliyokaliwa na sofa. Hasara ni 240,000, na hicho ndicho kianzio. Meza ya kulia ya mninga, ambayo yeyote anaweza kuinunua, ingehitaji kianzio kidogo zaidi.

Zinabaki 960,000. Kwa mwenye mshahara, awamu nne za 240,000 kila mwisho wa mwezi zinatosha. Mwenye genge agawiwe kwa wiki, maana fedha yake haimsubiri hadi tarehe 30. Kuzidisha miezi ni hatari kwa fundi: bei ameshaifunga, lakini sponji haijafungwa.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni siku ya kuanza kazi. Kitambaa kisikatwe siku ya kianzio. Kikatwe baada ya awamu ya pili, mkononi zikiwa 720,000, kwa sababu hapo vifaa na ufundi vimeshalipiwa na mteja mwenyewe. Hivyo fundi hakopeshi senti, na sioni haki ya kumwongezea mteja bei juu ya ile ya taslimu.

Sasa mteja akwame hapo, sofa ikiwa tayari. Apewe siku 14 za nyongeza, apigiwe simu, na baada ya siku 60 sofa iuzwe. Fundi abaki na 240,000, amrudishie 480,000. Akijumlisha na 1,000,000 za mnunuzi wa pili na kutoa 40,000, anabaki na 1,200,000 kamili. Kumnyima mteja zote 720,000 ni kumla mtu. Akikatisha kabla ya kitambaa kukatwa, hasara karibu haipo. Akatwe kidogo tu, tuseme 30,000 za usumbufu, na kiasi hicho kiandikwe kwenye risiti ya kwanza.

Kanuni hii huvunjika pale fedha ya mteja mmoja inaponunua mbao za mwingine. Dalili huonekana daftarini: jumlisha walicholipa wote ambao kazi zao hazijaanza, kisha tazama salio la akaunti. Salio likiwa pungufu, karakana haina uwezo wa kurejesha, hata mkataba ukisemaje, na oda mpya zisimame hadi pengo lizibwe.